Usaili wa mwendesha mitambo: namna ya kueleza tukio la nusura ajali mbele ya jopo

Anayeomba kazi ya kuendesha mitambo katika kanda ya kati, iwe kwenye mgodi wa dhahabu wilayani Ikungi, kiwanda cha mbolea cha Nala jijini Dodoma au mojawapo ya viwanda vya kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, hujiandaa zaidi kwa maswali ya ufundi: mashine inawashwaje, mkanda unakazwaje, presha inasomwa wapi. Maswali hayo huulizwa, lakini mara nyingi swali linalotenganisha waombaji wenye ujuzi unaolingana ni lile la kuwataka waeleze tukio moja la nusura ajali walilolishuhudia na walichofanya baada yake. Baadhi ya wasaili huliita nia misi, nawe ukilisikia hivyo ujue ni jambo lilelile. Mwongozo huu unashughulikia swali hilo, kwa sababu kanuni za usalama, nidhamu ya zamu na utaratibu wa kuripoti vyote hujitokeza ndani ya jibu lake.

Hatua ya kwanza: lielewe tukio lenyewe

Nusura ajali ni jambo lililokwisha kutokea, ambalo lingeweza kumuumiza mtu au kuharibu mtambo, lakini halikufanya hivyo. Nati ikidondoka kutoka jukwaa la juu na kutua kwenye njia ambayo mtu ametoka kupita, hiyo ni nusura ajali. Jukwaa hilohilo likikosa ubao wa pembeni wa kuzuia vitu visidondoke, lakini hakuna kilichodondoka bado, hiyo ni hali hatarishi. Mfanyakazi akipita chini ya mzigo unaonyanyuliwa na kreni, hilo ni tendo hatarishi. Yote matatu huripotiwa, ila ukiulizwa nusura ajali ukajibu kwa kueleza kwamba wenzako walikuwa hawavai kofia ngumu, msaili ataona kwamba hujawahi kujaza fomu ya tukio, au uliijaza bila kuelewa ilichokuwa ikiuliza.

Jibu baya kuliko yote ni kusema kwamba kwa miaka yote uliyofanya kazi hujawahi kuona tukio la namna hiyo. Mwombaji hudhani kwamba anajisafisha. Anayemsikiliza ni ofisa usalama anayejua kwamba katika kiwanda chochote chenye mikanda inayozunguka, magari yanayorudi nyuma na watu wanaopanda ngazi, matukio haya hutokea, kwa hiyo anabaki na maelezo mawili tu: ama mtu huyu hayaoni, ama huyaona na kunyamaza.

Hatua ya pili: chagua tukio ulilokuwepo

Chagua tukio moja ulilolishuhudia mwenyewe, lenye nguvu halisi ndani yake, yaani umeme, mwendo wa mashine, mvuke, kitu kilichokuwa juu au gari zito, na ambalo lilibadilisha jambo fulani mahali pale pa kazi. Kuteleza sakafuni ni tukio, lakini halimpi msaili nafasi ya kuona unavyofikiri. Kama hujawahi kuajiriwa kiwandani, chukua la karakana ya kuchomelea, la ujenzi wa reli au barabara, au hata la mashine ya kusaga nafaka mtaani, maana mkanda wa mota ya kinu hunasa nguo kwa namna ileile unavyonasa mkanda wa mgodini.

Usibuni tukio. Nalisisitiza kwa sababu za kiutendaji na vilevile za uadilifu: maswali yatakayofuata huulizia mambo madogo ambayo aliyekuwepo huyakumbuka bila shida, kama vile swichi ilikuwa upande gani, nani alikuwa chumba cha kuendeshea, au ni saa ngapi zilikuwa zimebaki kabla ya zamu kwisha. Aliyebuni hujikwaa kwenye swali la tatu.

Hatua ya tatu: lipange tukio kwa mfuatano wake

Tuchukue mfano wa mwombaji kutoka Manyoni, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti na sasa anaomba kazi ya kuendesha krasha na mikanda kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu. Tukio lake lilitokea usiku. Skrubu ya kusafirishia mbegu kutoka kwenye tangi la kupokelea ilikwama. Mwenzake alibonyeza kitufe cha kusimamisha kilicho kando ya mashine, akafungua mfuniko na kuanza kuondoa mbegu zilizoshikana kwa kutumia mkono. Mwendeshaji wa chumba cha kuendeshea mitambo aliona kwenye paneli kwamba skrubu imesimama, akadhani imejizima kwa kuzidiwa na mzigo, akafuta hitilafu na kuiwasha. Skrubu ilizunguka kidogo na kukwama tena. Wakati huo mkono ulikuwa umetolewa kwa ajili ya kuchukua fimbo.

Mara ya kwanza anapofanya mazoezi, mwombaji huyu anaeleza hivi: «Kuna siku mwenzangu alikuwa mzembe, akaingiza mkono kwenye mashine bila kuizima vizuri, nusura akatike. Mimi nilimwambia awe makini.» Jibu hili ni la kweli, ila linamwangusha. Limeanza kwa kumlaumu mtu, halielezi kwa nini mashine iliwaka, halina taarifa yoyote iliyopelekwa popote, na linaishia kwenye onyo la mdomo ambalo halizuii tukio lile kujirudia usiku unaofuata.

Jibu lililopangwa vizuri linaanza na mahali, wakati na kazi iliyokuwa ikifanyika. Linaeleza kilichotokea bila vivumishi. Kisha linataja kilichoweza kutokea, kwa sababu fomu nyingi za taarifa zina sehemu ya kukadiria ukubwa wa madhara yaliyowezekana, na tukio ambalo lingeweza kukata mkono huchunguzwa kwa uzito mkubwa kuliko lile ambalo lingechubua kidole. Baada ya hapo linaeleza mambo yaliyofanyika papo hapo, aliyeripotiwa na muda wa kuripoti, chanzo kilichobainika, na mwisho kilichobadilishwa. Mbele ya jopo linaweza kusikika hivi:

«Shikamoo mama, shikamooni wazee. Tukio nitakaloeleza lilitokea kwenye kiwanda cha mafuta, zamu ya usiku, saa nane na robo. Skrubu ya kusafirishia mbegu ilikwama. Mwenzangu aliisimamisha kwa kitufe cha kando ya mashine, akafungua mfuniko ili aondoe mbegu zilizokwama. Swichi kuu haikuwa imezimwa wala kufungwa kwa kufuli. Chumba cha kuendeshea kiliiwasha, ikazunguka kwa muda mfupi. Mkono wake ulikuwa nje, lakini sekunde chache kabla ulikuwa ndani, na angeweza kuupoteza. Nilivuta kamba ya dharura, nikamwita chumba cha kuendeshea kwa redio asiguse kitu, kisha nikaenda kuzima swichi kuu na kusimama hapo mpaka msimamizi wa zamu alipofika. Nilimweleza kwa mdomo palepale, na nikajaza fomu kabla zamu haijaisha. Katika uchunguzi ilionekana kwamba makufuli ya usalama yalikuwa yakitunzwa kwenye ofisi ya mafundi, na ofisi hiyo hufungwa jioni. Zamu ya usiku haikuwa na kufuli la kutumia. Baada ya hapo kila mwendeshaji alipewa kufuli lake, na mfuniko wa skrubu ukawekewa swichi inayokata umeme ukifunguliwa.»

Jibu hilo halizidi dakika mbili. Angalia kwamba mwenzake hakuitwa mzembe, wala kosa lake halikufichwa: imesemwa wazi kwamba swichi kuu haikuzimwa. Uzito wake mkubwa uko kwenye yale makufuli yaliyofungiwa ofisini, kwa sababu hapo ndipo msaili anapoona kwamba mwombaji ameelewa kwa nini mtu wa kawaida, anayejua kanuni, aliivunja saa nane usiku. Taarifa inayoishia kwenye uzembe wa mtu mmoja huacha ofisi ikiendelea kufungwa jioni.

Hatua ya nne: ijue kanuni iliyo nyuma ya tukio lako

Msaili atashuka kwenye ufundi, na hapa ndipo wengi hukwama. Swali lake la kwanza linaweza kuwa: kitufe cha kusimamisha kilikuwa kimebonyezwa, kwa nini basi mashine iliwaka? Kitufe hicho, sawa na kamba ya dharura inayopita kando ya mkanda, hukata saketi ndogo ya kuongozea mashine tu. Umeme mkubwa bado unafika kwenye kiwashio cha mota, na mtu aliye mbali akifuta hitilafu, au waya wa saketi hiyo ukipata kasoro, mota inaweza kuzunguka. Kwa hiyo kusimamisha mashine ni jambo moja, na kuitenga na nguvu zake zote ni jambo jingine, ambalo lazima lifanyike kabla ya kuingiza kiungo chochote cha mwili ndani yake.

Kutenga kuna mpangilio, nawe uweze kuutaja bila kusoma. Unaanza kwa kuwajulisha wote wanaohusika na mashine ile, hasa chumba cha kuendeshea. Unaisimamisha kwa njia ya kawaida. Unazima swichi kuu ya mashine hiyo kwenye chumba cha umeme, ikiwa umeidhinishwa kufanya hivyo. Kama hujaidhinishwa, unamwita fundi umeme. Unaweka kufuli lako mwenyewe, ambalo ufunguo wake unakaa mfukoni mwako, pamoja na kibao chenye jina lako, tarehe na kazi inayofanyika. Kila anayefanya kazi kwenye mashine ile anaweka kufuli lake, hata kama mko watano, kwa sababu kufuli la mwenzako linaondoka anapomaliza kazi yake, si unapomaliza yako. Kisha unatoa nguvu zilizobaki ndani ya mtambo. Mwisho unarudi kwenye kitufe cha kuwashia na kujaribu kuiwasha, ili uhakikishe kwamba umezima swichi sahihi. Baada ya jaribio unakirudisha kwenye hali ya kuzimwa.

Jaribio hilo husahaulika mara nyingi, nawe ukilitaja bila kuulizwa utaonekana kama mtu aliyewahi kukuta swichi mbili zilizofanana zimeandikwa vibaya. Nguvu zilizobaki nazo zinahitaji maelezo. Mkanda unaopanda ukiwa na mawe unaweza kurudi nyuma baada ya mota kuzimwa, na kwenye mikanda mirefu kuna uzito mkubwa unaoning'inia kwa ajili ya kuukaza. Kwenye kiwanda cha alizeti kuna mvuke na mafuta ya moto ndani ya mabomba, na pengine hewa yenye mgandamizo. Mwombaji wa Manyoni anayehamia kwenye krasha aseme kwamba ataulizia kwanza mtambo mpya una nguvu zipi, asidai kwamba mashine zote ni sawa.

Swali jingine la kawaida ni nani anayeruhusiwa kuondoa kufuli. Jibu ni aliyeliweka. Ikiwa ameshaenda nyumbani na kufuli limebaki, halikatwi na yeyote mwenye msumeno. Msimamizi hufuata utaratibu ulioandikwa wa kuthibitisha kwamba mwenyewe hayupo eneo la kazi, kumtafuta kwa simu, kukagua mtambo na kuidhinisha kwa saini kabla kufuli halijaondolewa.

Hatua ya tano: jiandae kwa maswali ya zamu

Tukio likiwa la usiku, jopo litahamia kwenye zamu. Kuwahi kazini ni sehemu ndogo tu ya wanachokitafuta. Wanataka kujua unakabidhi vipi. Mwendeshaji anayeondoka anapaswa kumweleza anayeingia, uso kwa uso na kwenye daftari la zamu, mashine zipi zinafanya kazi, zipi zimetengwa na kufuli ni la nani, vibali vya kazi vipi bado viko wazi, kinga ipi imeondolewa, na dalili ipi ya ajabu ameiona, kama beringi inayopata moto au sauti iliyobadilika. Daftari linaloandikwa «hali ni shwari» kila siku halimsaidii anayeingia. Katika mfano wetu, kama zamu ya mchana ingeandika kwamba skrubu ilikwama mara mbili kwa sababu mbegu zilikuja na unyevu, zamu ya usiku ingejiandaa.

Huulizwa pia: anayekupokea hajafika, zamu yako imekwisha, utafanya nini? Usiseme utaondoka kwa kuwa muda wako umeisha, na usiseme utaendelea mpaka asubuhi. Unabaki kwenye mtambo, unamjulisha msimamizi mara moja ili atafute mtu, na kama hapatikani mtambo unasimamishwa kwa utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 12 kwa siku pamoja na muda wa ziada, na kwa kawaida inamtaka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kuanza kazi tena. Ukitaja kikomo hicho kwa upole utaeleweka kama mtu anayejua kwamba uchovu wenyewe ni hatari ya kuripotiwa. Hali kadhalika ukiulizwa kuhusu kileo: pale penye kipimo cha pumzi getini, kinachopimwa ni kilichobaki mwilini, na aliyekunywa mpaka usiku wa manane anaweza kubainika saa kumi na mbili asubuhi.

Kisha huja swali gumu kuliko mengine. Msimamizi anakuamuru uondoe mawe yaliyokwama kwenye krasha bila kuitenga, kwa sababu malori yamejipanga na uzalishaji umesimama. Jibu ni kwamba hutaifanya kazi hiyo kwa namna hiyo, na utasema hivyo kwa heshima, ukieleza hatari na njia mbadala papo hapo: «Mzee, naomba dakika chache nimwite fundi umeme tuifunge, kisha nitaingia mwenyewe.» Akisisitiza, unapeleka suala kwa ofisa usalama au mwakilishi wa usalama na afya wa wafanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mfanyakazi azingatie usalama wake na wa wengine wanaoweza kuathirika na matendo yake, na atoe taarifa ya hali isiyo salama. Kutaja sheria kunatosha mara moja. Ukiirudia kila baada ya sentensi, jopo litasikia mgomvi.

Unaweza pia kuulizwa kama ungeripoti tukio lililomhusu rafiki yako. Jibu la kweli lina uzito wake: ndiyo, na ungemwambia kabla ya kujaza fomu. Taarifa inaeleza kilichotokea kwenye kazi, na mahali ambapo kuripoti huishia kwenye adhabu kila mara, fomu huacha kujazwa ndani ya muda mfupi. Una haki ya kuuliza, zamu yako ya kuuliza ikifika, ni nani husoma taarifa hizo mahali pale na aliyeripoti hupata majibu kwa njia gani. Pasipokuwa na jibu, umejifunza jambo kuhusu mwajiri.

Hatua ya sita: getini na kwenye jaribio la vitendo

Usaili huanza unapopokea maelezo ya usalama ya wageni. Sikiliza mahali pa kukusanyika wakati wa dharura na mlio wa king'ora, kwa sababu msaili anaweza kuuliza baadaye. Vaa vifaa kinga ulivyopewa mpaka utakapoambiwa uvue, pita kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyochorwa, na simu isiwe mkononi unapotembea.

Kwenye jaribio la vitendo, mwombaji wa krasha huombwa aeleze au aonyeshe namna ya kuanzisha mtambo. Usikimbilie kitufe. Zunguka mkanda mzima kwanza: kinga za puli ziko mahali pake, kamba ya dharura imekazwa na haijafungwa kwa waya, hakuna mtu wala chombo juu ya mkanda, hakuna kufuli lililobaki kwenye swichi kuu. Piga king'ora cha kuanzisha, subiri muda uliowekwa, ndipo uwashe kwa kuanzia mbele: mikanda inayopokea mzigo kwanza, kisha krasha, na mwisho kilishio kinachoingiza mawe. Kusimamisha ni kinyume chake, kilishio kwanza, uiache krasha itoe mawe yote, kisha mikanda. Anayewasha kilishio kabla ya mkanda hujaza mawe chini ya krasha, na mtu lazima aingie kuyatoa kwa mkono.

Ukikuta kasoro iliyopangwa makusudi, mathalani kinga iliyolegea au kamba ya dharura iliyofungwa, usiirekebishe kimya kimya ili uonekane hodari. Simama, itaje kwa sauti, sema kwamba mtambo hauwashwi mpaka irekebishwe na aliyeidhinishwa, na uombe fomu ya kuripoti hali hatarishi. Baadhi ya wasaili huwa na fomu hiyo mezani tayari, nao watataka uijaze palepale kwa mwandiko unaosomeka.